Kenya: Sheria ya theluthi mbili katika makato ya karadha na mikopo ya wafanyakazi

Nchini Kenya, mwajiri anayemkopesha mfanyakazi wake fedha hana uhuru wa kuzirejesha kwa kiwango chochote anachotaka mwisho wa mwezi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inaweka mipaka miwili. Kwanza, marejesho ya mkopo wa mwajiri, ambao lazima uwe na makubaliano ya maandishi, hayapaswi kuzidi nusu ya mshahara unaobaki baada ya makato mengine. Pili, jumla ya makato yote haipaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mfanyakazi hubaki na angalau theluthi moja.

Makampuni mengi sasa huandaa mishahara kwa mifumo ya ERP, yaani programu za kompyuta zinazounganisha uhasibu, ununuzi na mishahara mahali pamoja. Mfumo hufuata ratiba ya marejesho iliyoingizwa. Iwapo mipaka ya sheria haikuwekwa ndani yake, hukata kama ulivyoagizwa, hata mfanyakazi akibaki na fedha kidogo mno.

Karadha na mkopo

Karadha ya mshahara, ambayo maofisini huitwa advansi, ni sehemu ya mshahara inayotolewa kabla ya siku ya malipo, na kwa kawaida hukatwa yote mwezi huo au unaofuata. Mkopo wa mfanyakazi ni fedha nyingi zaidi, hulipwa kwa awamu za miezi mingi na huweza kuwa na riba. Kila kimoja huwa na ratiba yake, lakini vyote viwili hukatwa katika mshahara ule ule. Hapo ndipo matatizo huanzia.

Mfano wa hesabu

Chukulia mfanyakazi anayelipwa shilingi 60,000 kwa mwezi, asiye na marupurupu. Kodi na michango ya lazima ni takriban 14,700, na kwa ombi lake la maandishi hukatwa 9,000 kwa ajili ya chama cha akiba na mikopo. Zinabaki 36,300. Nusu yake ni 18,150, na huo ndio mpaka wa kwanza. Theluthi mbili za 60,000 ni 40,000. Ukiondoa 23,700 zilizokwisha kukatwa, nafasi iliyobaki ni 16,300. Kiwango kidogo ndicho kinachotawala, hivyo mwajiri anaweza kukata 16,300 tu.

Mfanyakazi huyo analipa mkopo usio na riba wa 120,000 kwa awamu 12 za 10,000. Mwezi Machi akachukua karadha ya 15,000, ikapangwa kukatwa yote Aprili. Ratiba mbili zikijumlishwa zinadai 25,000. Mfumo usio na kikomo ungemwachia 11,300, badala ya 20,000 anazostahili kisheria.

Mfumo uliopangwa vizuri hukata awamu ya mkopo, 10,000, kisha 6,300 za karadha. Salio la 8,700 huhamia Mei, ambapo 6,300 nyingine hukatwa, na 2,400 za mwisho hukatwa Juni. Mkopo hauchelewi, na karadha hulipwa yote. Sheria haifuti deni. Inazuia tu kiasi kinachoweza kukatwa kwa wakati mmoja.

Makosa na dalili zake

Kosa la kwanza hutokea mhasibu anapopunguza makato kwa mkono bila kurekebisha ratiba. Mfumo huonyesha kwamba Aprili imelipwa yote, ilhali 8,700 hazijarejeshwa. Kosa la pili ni kinyume chake: mfanyakazi hulipa sehemu ya deni kwa fedha taslimu, malipo hayaingizwi kwenye ratiba, na mshahara unaendelea kukatwa.

Kwa mhasibu, kipimo ni kimoja. Kila mwisho wa mwezi, jumla ya masalio katika ratiba za wafanyakazi wote lazima ilingane na salio la akaunti ya mikopo ya wafanyakazi katika leja kuu. Tofauti yoyote ni dalili ya kosa, kama vile malipo yaliyoingizwa upande mmoja tu.

Mfanyakazi naye hutumia hati ya mshahara, ambayo kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri kuitoa wakati wa malipo au kabla yake, ikionyesha makato na sababu zake. Kwa mkopo usio na riba, salio la mwezi uliopita likiondolewa makato ya mwezi huu lazima litoe salio jipya. Kisha agawanye mshahara wake kwa tatu: anachopokea kikiwa chini ya jibu hilo, ana msingi wa kudai maelezo, na hati mbili zinazofuatana zitaonyesha kosa lilipo.