Dawati la Msaada wa TEHAMA: Namna Tiketi Inavyopanga Vipaumbele na Kupima Muda wa Huduma katika Halmashauri

Mkoa wa Singida una halmashauri saba: Manispaa ya Singida na Halmashauri za Wilaya za Singida, Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Itigi. Katika kila halmashauri, shughuli za kila siku hupita katika mifumo ya kielektroniki. Leseni za biashara na ushuru hushughulikiwa kupitia mfumo wa TAUSI, malipo ya Serikali hufanywa kupitia MUSE, na vituo vya afya hutunza kumbukumbu za wagonjwa katika GoT-HOMIS. Kompyuta ya mapokezi inapogoma, anayesubiri dirishani ni mwananchi.

Wanaorekebisha hitilafu hizo ni maafisa TEHAMA wachache, ambao hupokea maombi kwa simu, kwa ujumbe wa WhatsApp na kwa kukutana na watumishi koridoni. Ombi la koridoni halina saa wala kumbukumbu, hivyo likisahaulika hakuna anayeweza kuonesha kuwa liliwahi kutolewa. Mfumo wa dawati la msaada huondoa kasoro hiyo kwa kulipa kila ombi tiketi, yaani rekodi yenye namba, muda wa kupokelewa, jina la aliyekabidhiwa, hatua zilizochukuliwa na muda wa kufungwa. Ipo programu huria ya kazi hii iitwayo osTicket, ambayo taasisi inaweza kuisimika katika seva yake bila kununua leseni.

Kupanga kipaumbele

osTicket huja na viwango vinne vya kipaumbele, vinavyosomeka kwenye skrini kama `Emergency`, `High`, `Normal` na `Low`. Mwombaji akiachiwa kujichagulia kiwango, baada ya wiki chache karibu kila tiketi itakuwa ya dharura, na maafisa watarudi kumhudumia anayepiga simu mara nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo, kiwango hupangwa na dawati lenyewe kwa maswali mawili: ni huduma gani imesimama na kwa watu wangapi, na madhara yataanza baada ya muda gani.

Chukua mfano wa halmashauri yenye maafisa TEHAMA watatu. Ijumaa saa 8:00 mchana yanaingia maombi matatu. Mkuu wa idara anasema printa yake haichapi. Mhasibu amesahau nywila. Kituo cha afya kinaripoti kuwa GoT-HOMIS haifunguki mapokezi na wagonjwa wamepanga foleni. Kwa maswali yale mawili, kituo cha afya ni `Emergency`, kwa kuwa huduma nzima imesimama na madhara yameanza. Mhasibu ni `High` endapo malipo yanapaswa kukamilika siku hiyo, la sivyo ni `Normal`. Printa ni `Normal`, maana mkuu wa idara anaweza kuchapa katika ofisi ya jirani. Cheo cha mwombaji hakimo katika maswali hayo, na utaratibu ulioandikwa humpa afisa wa ngazi ya chini msingi wa kumweleza mkubwa wake kwa adabu kwa nini atasubiri.

Saa inayohesabu

Kila kiwango hufungwa kwenye lengo la muda. Halmashauri ya mfano wetu inaweza kuamua kuwa `Emergency` itatuliwe ndani ya saa 4, `High` saa 8, `Normal` saa 24 na `Low` saa 40, zote zikiwa saa za kazi. Muda ukipita, mfumo huiwekea tiketi alama ya kuchelewa.

Neno "saa za kazi" ndilo hukosewa mara nyingi. Tuseme ombi la mhasibu limepangwa `High`. Mfumo ambao haukuwekewa kalenda ya kazi utahesabu saa 8 mfululizo kuanzia saa 8:00 mchana na kutangaza kuwa tiketi imechelewa saa 4:00 usiku wa Ijumaa, wakati ofisi imefungwa. Kalenda ya saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, hutoa jibu tofauti: saa moja na nusu huhesabiwa Ijumaa, saa sita na nusu zilizobaki huhesabiwa Jumatatu, na mwisho huwa Jumatatu saa 8:00 mchana. Dalili ya kosa hili ni tiketi nyingi kuonekana zimechelewa kila Jumatatu asubuhi.

Kituo cha afya hakifungwi Ijumaa jioni. Tiketi zake za dharura huhitaji kalenda ya peke yake ya saa 24, pamoja na afisa wa zamu anayepokea simu. Bila afisa huyo, kalenda hiyo itaandika ucheleweshaji ambao hakuna aliyekuwapo kuuzuia.

Pia kuna muda wa kujibu na muda wa kutatua. Katika jedwali la takwimu la osTicket, muda wa kujibu huoneshwa chini ya `Response Time` na muda wa huduma chini ya `Service Time`. Tofauti hii ina uzito katika mkoa wenye masafa kama Singida. Kata ya Rungwa, kwa mfano, iko zaidi ya kilometa 100 kutoka mji wa Itigi. Afisa anaweza kujibu kwa dakika chache na kueleza namna ya kuendelea kwa rejesta ya karatasi, ingawa kifaa kipya kitafika kesho. Hitilafu ikiwa kwenye mfumo wa kitaifa, halmashauri haina uwezo wa kuirekebisha. Tiketi huandikwa imepelekwa kwa taasisi inayomiliki mfumo, lini na kwa kumbukumbu gani, ili muda wa kusubiri utenganishwe na muda wa kazi ya dawati.

Kusoma takwimu

Wastani pekee hupotosha. Tiketi tisa zikitatuliwa kwa saa moja kila moja na ya kumi kwa saa 41, wastani ni saa 5, ingawa hakuna mtumishi hata mmoja aliyesubiri saa 5. Taarifa ya mwezi inayofaa hutaja tiketi ngapi zilitimiza lengo katika kila kiwango, kisha hueleza moja baada ya nyingine zile zilizochelewa zaidi.

Mambo mawili huonesha kuwa takwimu haziakisi kazi. La kwanza ni tiketi nyingi kufunguliwa na kufungwa dakika ileile, maana yake zinaandikwa baada ya kazi kwisha. La pili ni safu ya `Reopened` kupanda, ishara kwamba tiketi zinafungwa ili kuwahi saa kabla tatizo halijaisha. Hivyo tiketi hufungwa mwombaji anapothibitisha kuwa huduma imerejea.

Hatimaye, tiketi husomwa na watu kadhaa na hubaki katika kumbukumbu. Nywila, majina ya wagonjwa na picha za skrini zenye taarifa zao hazipaswi kuwekwa humo, kwa kuwa taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya kifaa, jina la kituo, ujumbe wa hitilafu na saa ilipoanza vinatosha kwa afisa kuanza kazi.