Ratiba ya mkono inasema "8:30": ni asubuhi au mchana?

Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa zahanati au kituo cha mgao kambini mara nyingi huandikwa kwa mkono. Aliyeiandika anaweza kuwa amehesabu saa kwa Kiswahili, au ameziandika kama simu inavyozionyesha. Kati ya hesabu hizi mbili kuna tofauti ya saa 6. Ukikosea, unaweza kufika mchana wakati majina yalisomwa asubuhi na daftari limeshafungwa.

Hesabu zenyewe

Saa za Kiswahili zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana kutimia, na simu wakati huo inaonyesha 7:00. Jua likizama tunaanza upya: saa moja usiku ni 19:00. Watu wengi wa Burundi, Rwanda na Uganda huhesabu hivyo hivyo katika lugha zao. Waliosoma kwa Kifaransa huko Kongo mara nyingi hutaja saa kama zilivyo kwenye simu, hata wakiongea Kiswahili.

Kuna jozi sita tu za kukumbuka:

- 1 na 7
- 2 na 8
- 3 na 9
- 4 na 10
- 5 na 11
- 6 na 12

Jozi hizi zinafanya kazi pande zote mbili. Saa 2 ya Kiswahili ni 8 ya simu, na saa 8 ya Kiswahili ni 2 ya simu. Ukiwa na saa ya mshale, tazama namba iliyo upande wa pili, mkabala na ile iliyoandikwa. Dakika hazibadiliki: saa tatu na nusu ni 9:30, na saa tatu kasorobo ni 8:45.

Simu nyingi huonyesha saa 24. Kuanzia saa 12 asubuhi, jua linapochomoza, simu huonyesha 6:00. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6: saa 8 mchana ni 14:00 na saa 11 jioni ni 17:00. Kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku, ongeza 18: saa 2 usiku ni 20:00. Saa 6 usiku ni 00:00. Kuanzia saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri, toa 6: gari linaloondoka saa 10 alfajiri linaondoka 4:00.

Jinsi ya kujua mwandishi alitumia hesabu gani

Soma neno linalofuata namba. Kwa Kiswahili, saa nane haiwezi kuwa asubuhi. Ni mchana au usiku. Kwa hiyo "saa 8 asubuhi" ni 8:00 ya simu, yaani saa mbili asubuhi. Vivyo hivyo, "saa 2 mchana" ni 14:00, yaani saa nane mchana, kwa sababu saa mbili ya Kiswahili ni asubuhi au usiku tu. "Saa 12 mchana" ni adhuhuri, saa sita ya Kiswahili.

Namba yoyote inayozidi 12, kama 13:00 au 15:30, ni ya simu. Herufi "h" katikati, kama 8h30, ni uandishi wa Kifaransa, na kwa kawaida nayo ni ya simu.

Neno peke yake halitoshi kila mara. "Saa 5 asubuhi" inaweza kuwa 11:00 au 5:00. Hapo angalia kazi yenyewe: ofisi haifunguliwi 5:00 kabla ya mapambazuko, lakini gari la safari ndefu linaweza kuondoka wakati huo.

Mfano: karatasi moja, mistari mitatu

Tuseme umekuta karatasi hii mlangoni:

*Jumatatu – chanjo ya watoto – saa 2:00 asubuhi hadi 6:00 mchana*
*Jumatano – kliniki ya wajawazito – 8:30*
*Ijumaa – kuhakiki kadi za mgao – saa 10:00 asubuhi*

Mstari wa kwanza hauna utata. Saa mbili asubuhi ni 8:00 na saa sita mchana ni 12:00. Mwandishi amehesabu kwa Kiswahili.

Mstari wa tatu ni tofauti. Saa kumi ya Kiswahili ni jioni au alfajiri, haiwi asubuhi. Basi hii ni 10:00 ya simu, yaani saa nne asubuhi. Anayesubiri hadi saa kumi jioni atakuta watu wameondoka.

Mstari wa pili ndio wenye hatari. Hauna neno la asubuhi wala mchana, na karatasi yenyewe imechanganya hesabu mbili, pengine kwa sababu watu wawili waliijaza. 8:30 inaweza kuwa saa mbili na nusu asubuhi au saa nane na nusu mchana, na zote ni saa za kazi. Usikisie. Muulize mhudumu: "Ni asubuhi au ni mchana baada ya chakula?" Ukiuliza tu "Ni saa nane na nusu?", anaweza kujibu ndiyo huku akifikiria namba ya kwenye simu. Kama huna wa kumuuliza, nenda asubuhi. Ukiwahi, utasubiri, ukichelewa, utaambiwa urudi siku nyingine.

Mpaka na jua

Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa moja mbele ya Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Ndugu yako wa Bujumbura akisema atapiga simu saa tatu usiku kwake, kwako Kasulu itakuwa saa nne usiku. Fanya hesabu hii baada ya kubadilisha saa 6, usizichanganye.

Karibu na mpaka, simu inaweza kushika mtandao wa nchi jirani na kurudi nyuma saa moja yenyewe. Ikiwa saa ya simu yako haiwiani na ya redio ya hapa au ya majirani, ingia kwenye mipangilio, zima kubadilisha saa kiotomatiki, kisha weka saa ya nchi uliyopo.

Pia usitegemee jua peke yake. Mkoa wa Kigoma uko magharibi kabisa mwa Tanzania lakini unatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua huchomoza kwa kuchelewa, kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi hivi. Aliyezoea Burundi, ambako jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi au kabla kidogo, akiliona jua linachomoza Kigoma atadhani ni saa 12. Saa moja kwenye ratiba ni 7:00, popote jua lilipo.

Ukiandika ratiba wewe

Andika hesabu zote mbili pamoja na neno la wakati: *saa 2:30 asubuhi (08:30)*. Mstari huo mmoja unasomeka sawa kwa Mrundi, kwa Mkongomani na kwa mwenyeji.