Mkopo wa simu na namba za watu wengine: nani aliridhia?

Tuchukue mfano. Mchuuzi wa kamba wa Dimani anahitaji shilingi 50,000 za mtaji. Anapakua programu ya mikopo, inaomba ruhusa ya kusoma namba zote alizohifadhi kwenye simu, anabonyeza kukubali na fedha zinaingia. Akichelewa kulipa, shemeji yake, mwalimu wa mtoto wake na wateja wake wa Kibiti wanapokea ujumbe kwamba yeye ni tapeli. Wakopeshaji husema: mwenyewe aliruhusu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mtu ambaye taarifa zinamhusu huitwa mhusika wa taarifa. Hapa wahusika ni wengi. Mchuuzi ni mmoja, na kila mwenye namba iliyosomwa ni mwingine. Mchuuzi anaweza kutoa ridhaa kwa taarifa zake, lakini hawezi kuridhia kwa niaba ya shemeji. Kwa kawaida sheria inataka taarifa ichukuliwe kwa mhusika mwenyewe, kwa lengo alilojulishwa, na isitumike nje ya lengo hilo. Kupima uwezo wa kulipa ni lengo moja, kumwaibisha mtu ni jambo jingine kabisa.

Kampuni ya mikopo ndiyo mkusanyaji, kwa sababu ndiyo inayoamua taarifa gani zichukuliwe na kwa nini. Ikiwa imeajiri kampuni nyingine kutuma ujumbe au kuhifadhi kumbukumbu, hiyo ni mchakataji, inayofanya kazi kwa maelekezo ya mkusanyaji. Hivyo mkopeshaji hawezi kujivua lawama kwa kusema ujumbe ulitumwa na wakala wa kudai madeni.

Kenya, yenye sheria yake ya mwaka 2019, imeshatoa adhabu kwa jambo kama hili. Septemba 2023, Kamishna wa ulinzi wa data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma vitisho. Hapa nchini, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na kibali.

Sheria hii haifuti deni. Mkopeshaji bado anaweza kumkumbusha mkopaji mwenyewe kwa namba yake. Lakini mchuuzi, na hata shemeji ambaye hakukopa, anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyopo Dodoma. Asifute ujumbe ule. Atunze namba iliyoutuma, tarehe na jina la programu, kwani bila hivyo ni vigumu kumjua mkusanyaji ni nani.