Sera ya akiba ya msingi

Sera ya akiba ya msingi ni njia ya kutunza bidhaa ghali zinazouzwa kwa nadra, kama vipuri vya mashine. Duka huchagua kiwango kimoja, S. Kila kipuri kimoja kinapouzwa, kingine kimoja kinaagizwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo vilivyo rafuni, ukijumlisha vilivyo njiani na kuondoa vinavyodaiwa na wateja waliokwisha kuagiza, daima ni S.

Njia hii inafaa pale ambapo bei ya kipuri ni kubwa kuliko gharama ya kuagiza na kusafirisha. Hakuna mwenye akili atakayeagiza msumari mmojammoja.

Mahitaji ya Poisson

Wateja wa kipuri cha namna hii hufika bila mpango na bila kushauriana. Idadi yao katika muda fulani hufuata mgawanyo wa Poisson, uliopewa jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson aliyeuchapisha mwaka 1837. Ikiwa wastani ni m, uwezekano wa kufika wateja k ni

P(k) = e^(−m) · m^k / k!

Wastani unaohitajika hapa si wa mwaka mzima bali wa muda wa kusubiri mzigo, kwa sababu kilichoagizwa ndani ya muda huo ndicho ambacho bado hakijafika.

Mfano wa Laela

Laela ni mji mdogo katika Mkoa wa Rukwa, kwenye barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, katikati ya mashamba ya mahindi ya uwanda wa juu wa Ufipa. Chukua duka la kubuni la vipuri vya matrekta mjini hapo. Linauza pampu za dizeli 6 kwa mwaka, na kila pampu huchukua miezi 2 kufika kupitia wakala wa Dar es Salaam. Wastani wa pampu zilizo njiani ni 6 × 2/12 = 1.

Kwa m = 1, uwezekano ni huu:

| Zilizo njiani | Uwezekano | Jumla hadi hapo |
|---|---|---|
| 0 | 0.368 | 0.368 |
| 1 | 0.368 | 0.736 |
| 2 | 0.184 | 0.920 |
| 3 | 0.061 | 0.981 |

Mwenye duka anataka wateja 90 kati ya 100 waikute pampu rafuni. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaona 0.920 kwenye mstari wa 2, wanaweka S = 2. Lakini pampu 2 zikiwa njiani na S ni 2, rafu ni tupu, na mteja anayeingia wakati huo anaondoka mikono mitupu. Anaikuta pampu pale tu zilizo njiani zisipozidi S − 1. Kwa S = 2 uwezekano huo ni 0.736, yaani mteja mmoja kati ya wanne hivi hakuti kitu. Kinachohitajika ni S = 3, kinachotoa 0.920.

Namba 0.920 kwa S = 2 si ya uongo, ila inajibu swali jingine: uwezekano kwamba hakuna mteja anayedai pampu ambayo haijafika.

Hesabu hii inachukulia kwamba mteja asiyekuta pampu huiagiza na kuingoja. Akienda kuitafuta Sumbawanga au Tunduma, duka haliagizi badala yake, na hutumika kanuni ya Erlang ya mwaka 1917. Kwa S = 3 hiyo inatoa wateja 94 kati ya 100. Daftari la mauzo halimwonyeshi mteja huyo aliyepotea, hivyo wastani unaotokana nalo huwa mdogo kuliko mahitaji halisi. Inafaa kuandika pia walioulizia wakakosa.

Mahali inapokwama

Wastani wa mwaka huficha msimu. Mvua za Ufipa huanza takriban Novemba, na ndipo matrekta hulima. Ikiwa pampu 4 kati ya zile 6 huhitajika Novemba na Desemba, wastani wa miezi hiyo miwili ni 4, si 1. Mwishoni mwa Desemba S = 3 ingetosheleza mteja mmoja tu kati ya wanne; ili kufikia 90 kati ya 100 zingetakiwa pampu 8. Ziada hiyo lazima iagizwe mapema, kabla ya Septemba, na baada ya msimu duka liache kuagiza mpaka S irudi chini.

Dalili ya tatizo hili huonekana kwenye daftari. Katika mgawanyo wa Poisson, mtawanyiko, yaani wastani wa miraba ya tofauti kutoka wastani, hulingana na wastani wenyewe. Hesabu za kila mwezi kwa miaka kadhaa zikitoa mtawanyiko unaozidi wastani mara mbili au tatu, ama kuna msimu, ama mteja mmoja hununua kadhaa kwa mkupuo.

Kuchelewa kwa mzigo hakuharibu hesabu moja kwa moja. Msweden Conny Palm alionyesha mwaka 1938 kwamba muda wa kusubiri ukibadilikabadilika, wastani wake unatosha, mradi kila oda ichelewe kivyake. Mzigo wote ukikwama bandarini kwa pamoja, sharti hilo limevunjika.