Dola 60 zenye hazikuwa faida yote

Mwaka wa kwanza wa kazi nilikosea jambo moja, na kosa lile ndilo lilinipeleka kutafuta historia yake. Mahali nilipokuwa ninafanya kazi walinunua hatifungani, ile tunaita obligasyo mu masomo ya komptabilite. Kwenye karatasi iliandikwa dola 1000, riba ya asilimia 6 kila mwaka, kulipwa kisha miaka 3. Lakini sokoni wakati huo watu walikuwa wanaridhika na asilimia 4, basi karatasi yenye kulipa 6 iliuzwa ghali: dola 1055,50. Kuponi ya kwanza ilipoingia, dola 60, niliandika yote kuwa faida. Mkubwa wangu akauliza swali moja tu: "Kisha miaka 3 watakurudishia ngapi?" Elfu moja. "Na zile 55,50 zitakuwa zimeenda wapi?" Nikanyamaza.

Swali hilo Charles Sprague alilishughulikia New York zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Alikuwa prezida wa banki ya akiba, Union Dime, toka 1892 mpaka alipokufa 1912. (Mtu wa ajabu kidogo: mwaka 1888 alitoa kitabu cha kufundisha Volapük, lugha ya kubuniwa.) Mwaka 1904 akatoa kitabu juu ya komptabilite ya uwekezaji, *The Accountancy of Investment*.

Fikiria banki ya akiba. Pesa ni za watu wadogo wadogo, wanaingia na kutoka kila siku. Kama banki inagawa dola 60 zote kuwa faida, wenye akiba wa leo wanakula sehemu ya mtaji bila kujua. Siku karatasi inaisha, banki inapokea 1000 kwa kitu ilichonunua 1055,50, na hasara inaangukia wenye kuwa mule siku ile, hata kama walifika juzi.

Dawa ni hii: mapato ya mwaka ni thamani ya vitabuni ya mwanzo wa mwaka, mara riba halisi uliyonunulia, yaani 4, wala si 6 ya kwenye karatasi. Mwaka wa kwanza, 1055,50 mara asilimia 4 ni 42,22. Umepokea 60, basi 17,78 zinazobaki ni mtaji wako unarudi. Unaziondoa, thamani inashuka mpaka 1037,72. Mwaka wa pili asilimia 4 ya hiyo ni 41,51. Unaondoa 18,49, inabaki 1019,23. Mwaka wa tatu mapato ni 40,77, unaondoa 19,23, na unafika kwenye 1000 kamili. Ziada imekwisha, hakuna hasara ya kushtukiza.

Angalia vile sehemu inayoondolewa inazidi kukua kila mwaka. Wengi wanauliza: mbona tusigawe 55,50 kwa 3, tuondoe 18,50 kila mwaka, tumalize? Nami nilipenda njia hiyo, ni rahisi. Lakini mapato yatakuwa 41,50 kila mwaka juu ya thamani inayopungua: mwaka wa kwanza itaonekana umepata asilimia 3,93, wa tatu 4,07. Karatasi ni ileile, mkataba ni uleule, ila vitabu vinasema imekuwa nzuri zaidi. Tofauti ni ndogo hapa. Kwa karatasi ya miaka 30 inakuwa kubwa.

Ukinunua chini ya bei, mambo yanageuka. Karatasi ya 1000 yenye kulipa 4 wakati soko linataka 6, miaka 3, utaipata kwa 946,54. Mapato ya mwaka wa kwanza ni 56,79, lakini mkononi unapokea 40 tu. Zile 16,79 unaziongeza kwenye thamani, nayo inapanda pole pole kuelekea 1000.

Ukitaka kujua kama jedwali lako ni sawa, gawa mapato ya kila mwaka kwa thamani ya mwanzo wake: lazima upate riba ileile. Na mstari wa mwisho utue kwenye 1000, tofauti ikiwa senti moja au mbili tu za kukadiria. Mimi mara nyingine nilipiga hesabu kwa 6, na thamani ikapanda badala ya kushuka. Ndiyo alama ya kosa hilo.

Zamani hesabu hizi zilifanywa kwa mkono. Ndiyo maana mwaka 1905 Sprague alitoa majedwali ya thamani za hatifungani yenye tarakimu nane nyuma ya mkato.

Lakini thamani hii ina mpaka wake: inafaa kwa mwenye uwezo wa kungoja mpaka mwisho. Haisemi sokoni watakupa ngapi leo. Mwisho wa 2022, Silicon Valley Bank ya Kalifornia ilikuwa na hatifungani za kushikilia mpaka mwisho, karibu dola bilioni 91 vitabuni. Riba zilikuwa zimepanda, na sokoni zilikuwa na thamani ya bilioni 76 hivi. Hesabu ya vitabuni ilikuwa sawa kabisa. Ila wenye pesa walikuja kuzidai kwa wingi mwezi wa tatu 2023, na tarehe 10 serikali ikaifunga.