Viti 14, Majeruhi 19

Hesabu ya ajali za matatu ina mambo yake. Gari la viti 14 linagongwa asubuhi, polisi wanaandika kwenye OB kwamba watu watatu wameumia, na miaka miwili baadaye kuna kesi 19 mahakamani. Hao wengine walikuwa wamekaa wapi? Kwenye biashara ya bima wanaitwa abiria hewa. Ukitaka kujua walizaliwaje, rudi nyuma kidogo, mpaka wakati wa mkoloni.

Mwaka wa 1930 Uingereza ilipitisha sheria ya kumlazimisha kila mwenye gari kukata bima ya thadi pati, ile ya kumlipa mtu unayemuumiza barabarani. Kenya ikapata yake mwaka wa 1945, na mpaka leo tunaijua kama Sura ya 405. Wazo lake lilikuwa zuri. Ukigongwa na mtu asiye na pesa, usibaki na kilema na deni la hospitali. Mahakama ikishaamua, kampuni ya bima inakulipa moja kwa moja, hata kama mwenye gari alivunja masharti fulani ya bima yake. Kampuni itamfuata huyo mteja baadaye, lakini wewe mgonjwa ushapata haki yako.

Kwa lugha nyingine, sheria iliweka mfuko wa pesa nyuma ya kila gari, na mfuko ukishawekwa, lazima kuna mtu ataupapasa.

Mwaka wa 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni za uchukuzi, na biashara ikafura. Ilibidi sheria ya 1984 ije kuzitambua rasmi na kuzidai leseni. Mwaka wa 2004 sheria za Michuki zikaleta mikanda na kumtaka kila abiria awe na kiti chake. Lakini makanga hana orodha ya abiria. Unapanda Kangemi, unashuka Westlands, na hakuna karatasi popote inayosema ulikuwa ndani. Hapo ndipo abiria hewa anaingilia. Anahitaji vitu vichache tu: abstrakti ya polisi yenye nambari ya gari na tarehe, fomu ya P3, barua ya daktari, na wakili. Jeraha lake huwa ni la tishu, yaani maumivu ya shingo, kifua au mgongo, kwa sababu maumivu hayaonekani kwenye eksirei. Dai lake ni dogo. Sheria inasema kampuni haiwezi kudaiwa zaidi ya milioni 3 na mtu mmoja, lakini kikomo hicho hakimsumbui mtu anayetaka laki mbili unusu. Wezi hawa hawahitaji dai moja kubwa, wanahitaji madai mengi madogo.

Mwaka wa 2005 kampuni ya United iliwekwa chini ya msimamizi, na Blue Shield ikafuata mwaka wa 2011. Zote mbili zilikuwa na wateja wengi wa PSV, na madai yalikuwa mzigo mmoja kati ya mingi. Kampuni ikianguka hivyo, mwenye gari ambaye alilipa bima yake vizuri anajikuta anakabiliana na hukumu akiwa peke yake. Serikali ilianzisha mamlaka ya kusimamia bima mwaka wa 2007, kisha kitengo cha polisi cha kuchunguza ulaghai wa bima. Kampuni nazo zikaanza kuajiri wapelelezi wao. Na mpelelezi akianza kazi, swali linabadilika: badala ya “nani alikuwa kwenye matatu?” inakuwa “wewe mwenye bima, ulikuwa kwenye njama?”

Tuchukue mfano. Mwalimu ana Vitz yake. Amekata bima siku 11 zilizopita kwa ajenti aliyemjazia fomu haraka haraka. Jumanne moja, mvua ikinyesha, breki zinateleza pale Kinoo na anaigonga matatu kwa nyuma. Watatu wanaumia kidogo. Anaripoti polisi, anaandika taarifa kwa kampuni, maisha yanaendelea.

Sasa ngoja. Kesi ya kuumizwa inaweza kupelekwa mahakamani ndani ya miaka 3. Mwaka wa pili na miezi 10, samansi zinaanza kuingia, na zinafika 19. Ukizidisha kwa shilingi 250,000, hiyo ni 4,750,000. Kampuni inaangalia faili na kuona dalili zote za ajali ya kupangwa: bima mpya, gari dogo la bei nafuu, mgongano wa polepole, majeruhi wengi. Dalili hizo ni za kweli. Watu hupanga ajali hivyo kabisa, gari mbili za marafiki zikagusana usiku bila shahidi, na moja ilikuwa na denti tangu zamani. Shida ni kwamba bima mpya na mvua ya Jumanne humpata mtu yeyote.

Mpelelezi anampigia mwalimu. Anataka taarifa ya pili, na mwalimu anasema ilikuwa saa moja unusu, wakati ile ya kwanza ilisema saa moja kasorobo. Baada ya karibu miaka 3, nani anakumbuka? Kisha fomu inatolewa. Ajenti aliandika “hajawahi kupata ajali”, na kumbe mwalimu aliwahi kugonga geti mwaka wa nyuma wa huo. Hakuulizwa, lakini sahihi ni yake. Hapo kampuni ina mlango. Kifungu cha 10 cha Sura ya 405 kinairuhusu kwenda kortini, ndani ya miezi 3 tangu kesi ya majeruhi ifunguliwe, kuomba itangazwe kwamba bima ilipatikana kwa kuficha jambo la maana. Ikishinda, zile 4,750,000 zinabaki za mwalimu.

Yaani sasa anapigana pande mbili. Huku abiria hewa wanamshtaki, na huku kampuni yake inamshtaki. Na kesi nyingi za ajali moja huendeshwa kwa kesi ya kwanza kama kipimo: ikiamuliwa kwamba yeye ndiye mwenye makosa, hizo nyingine zinafuata. Asipotokea kama shahidi siku hiyo, ameshindwa zote.

Kinachomsaidia si kulalamika. Mwaka wa 1957 mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Patel na Makanji, ilisema ulaghai lazima uthibitishwe kwa uzito kuliko kesi ya kawaida ya madai. Dalili peke yake si ushahidi. Lakini lazima awe na cha kuweka mezani: picha za simu za siku ile, zenye saa, mesej aliyomtumia mwalimu mkuu kwamba atachelewa, nakala ya OB yenye majina matatu, si 19, rejista ya hospitali iliyowapokea hao watatu. Rejista hiyo ndiyo silaha kubwa, kwa sababu mtu aliyeumia asubuhi ile angeonekana hospitali asubuhi ile, si baada ya mwezi.

Kwa hivyo ukikata bima, usikubali ajenti ajaze fomu na wewe uweke sahihi tu. Isome, hata lile swali la geti, na ubaki na nakala. Ukipata ajali, hesabu watu walioko kwenye ile gari nyingine na upige picha kabla hawajashuka. Samansi ikija, usiiweke kwenye droo. Ipeleke kwa kampuni siku hiyo hiyo na upigiwe muhuri kwamba wameipokea.

Sheria ya 1945 iliandikwa kumlinda aliyegongwa. Haikuwaza kwamba siku moja mwenye gari atahitaji ulinzi dhidi ya mtu ambaye hakuwepo.