Osha si Suuza

Binti wa jirani yangu, anayesomea kazi ya maabara, aliniletea slaidi sita za malaria zilizozongwa kwa karatasi laini, pamoja na nakala ya ukurasa mmoja kutoka kwenye tasnifu ya mtu aliyemtangulia. Anajua kwamba kabla ya kuwa mhariri niliwahi kukaa miaka kadhaa mbele ya hadubini. "Mwalimu, nimefanya kama ilivyoandikwa," akaniambia, "lakini tone nene halisomeki hata moja."

Nikausoma ukurasa. Sehemu ya mbinu ilikuwa na aya moja tu, nayo ilisema hivi: damu ya kidole ilichukuliwa, ikapakwa kwenye slaidi kama tone nene na utando mwembamba, zikakaushwa, zikakazwa kwa methanoli, zikatiwa rangi ya Gimsa, zikaoshwa, zikasomwa, na vimelea vikahesabiwa kwa chembe nyeupe 200. Kiswahili chake ni kizuri. Ukiisoma kwa sauti inateleza. Nami nadhani ni utelezi huohuo uliomponza binti yule.

Tuanze na kiambishi -ka-, kwa sababu ndicho kinachoiendesha aya nzima. Hiki ni kiambishi cha msimulizi: akaondoka, akafika, akabisha hodi. Kinapanga matukio yafuatane, na kwa hadithi hilo linatosha. Lakini -ka- haisemi kati ya tukio na tukio palipita muda gani. "Zikakaushwa, zikakazwa" inaweza kuwa dakika tano au usiku kucha. Anayesikiliza hadithi haulizi. Anayesimama na slaidi mkononi hana budi kuuliza, na aya haimjibu.

Dawa yake tunayo ndani ya lugha yenyewe, nayo ni -kisha-. "Tone likishakauka, tia rangi." Silabi hizo mbili zinambeba msomaji hadi mwisho wa tendo la kwanza kabla ya kumruhusu aguse la pili. Hazitaji saa, bali zinataja hali ya kitu chenyewe, na maabarani hali mara nyingi ni mwongozo bora kuliko saa, maana tone linalokauka upesi Dodoma litachelewa Tanga wakati wa masika. Ninapogeuza simulizi kuwa maelekezo, kazi yangu ya kwanza ni kuzitafuta -ka- zote na kuiuliza kila moja: je, wewe ulitaka kuwa -kisha-? Inayojibu ndiyo naidai pia ishara yake. Likishakauka, yaani lisipong'aa tena ukiliinamisha kwenye mwanga.

Na maelekezo hayo tuyaite nini? Wengi husema "utaratibu", wengine "mwongozo", na wapo wanaosema "itifaki" kisha wakaona haya, wakidhani ni neno la mabalozi na mazulia mekundu. Mimi nasimama na itifaki. Asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya mapatano, na katika ukoo wake kuna -afiki, -afikiana na mwafaka. Utaratibu anaweza kuwa nao mtu mmoja, peke yake, hata kichwani. Itifaki inataka watu wawili: aliyeandika na atakayefanya bila kumwona. Hata "istilahi", jina la kazi yetu hii, limetoka katika shina moja na suluhu, na maana yake ni neno ambalo watu wamepatana kulitumia. Ni maneno mawili ya mapatano, yakikutana kwenye ukurasa mmoja.

Sasa "kukaza", ambalo ndilo lililoziharibu slaidi zile sita. Neno lenyewe halina kosa. Nimeona kamusi zikitaka kulisukuma "kuthibitisha", ambalo ni la mahakamani, na "kugandisha", ambalo linapotosha kwa sababu damu huganda yenyewe bila kuombwa. Kukaza ni kama kukaza nati: methanoli inazibana chembe nyekundu kwenye kioo ili zisipasuke maji yakizigusa. Kwenye utando mwembamba hicho ndicho tunachotaka, kwa kuwa hapo tunaitazama chembe nyekundu ikiwa nzima na kimelea ndani yake, tutambue ni wa aina gani.

Kwenye tone nene tunataka kinyume chake. Pale chembe nyekundu zimerundikana tabaka juu ya tabaka, na ni lazima maji yaliyomo kwenye rangi yazipasue na kuziondoa, wabaki vimelea na chembe nyeupe peke yao. Ukilikaza tone nene, rundo linabaki palepale na mwanga haupenyi. Ndivyo zilivyokuwa slaidi za binti yule. Hata bila hadubini, katikati ya tone palikuwa na weusi mzito usioruhusu kuona upande wa pili, ilhali tone jema linaonekana hafifu, limekwajuka, wekundu wa damu umekwisha kutoka.

Lakini kosa halikuwa lake. Liko kwenye ile "zi-" ya "zikakazwa". Kiambishi kimoja cha ngeli kimezibeba sehemu zote mbili za kioo, iliyopaswa kukazwa na isiyopaswa. Aliyeandika alijua alichomaanisha, na mkono wake ulifanya sawa. Upatanisho wa kisarufi ukameza tofauti ambayo macho yake yaliiona kila siku. Ndiyo sababu kwenye itifaki napenda jina lirudiwe, hata likichosha masikio: utando mwembamba, utando mwembamba, utando mwembamba. Urembo wa kukwepa marudio tuuache kwa insha.

Kuhusu "hatua" nina msimamo mkali kidogo. Hatua ni umbali wa mguu mmoja kuinuka na kutua. Basi hatua moja ibebe kitenzi kimoja, au viwili visivyoachana kamwe. "Changanya rangi, tia kwenye slaidi, subiri, kisha osha" si hatua, ni safari. Na humo ndimo vipimo vinamopotelea. Aya yetu ilisema "zikatiwa rangi ya Gimsa", basi. Rangi hiyo, iliyochukua jina la mkemia Mjerumani Gustav Giemsa aliyeichapisha mwaka 1904, hutumiwa kwa njia mbili zinazojulikana: asilimia 10 kwa dakika kama 10, au asilimia 3 kwa dakika kama 45. Atakayechukua ukali wa njia moja na muda wa nyingine atapata slaidi iliyopauka au iliyoiva kupita kiasi. Hatua iliyokatwa vizuri haimwachii nafasi ya kukosea: "Changanya mililita 1 ya rangi na mililita 9 za maji ya bafa yenye pH 7.2." Hatua inayofuata: "Funika slaidi kwa mchanganyiko huo. Washa saa: dakika 10."

(Bafa naliacha kama lilivyo. Nimejaribu "kituliza-tindikali", likanikwama kooni. Neno fupi linalotamkika na linaloeleweka kwenye kila meza ya maabara lina haki ya uraia.)

"Kuosha" ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kila aliyelelewa kwenye nyumba yenye karai anajua kwamba kuosha siko kusuuza. Kuosha kuna kusugua, kuna nguvu. Kusuuza ni kupitisha maji safi yachukue kilichobaki. Slaidi inasuuzwa. Tena haimwagwi kwanza: juu ya rangi iliyokaa huelea utando unaong'aa kijani kama mafuta juu ya dimbwi, na ukiinamisha slaidi umwage rangi, utando huo unashuka na kulala juu ya damu. Baadaye msomaji anakuta vijidoa vyeusi na kuvidhania vimelea. Kwa hiyo tunaongeza maji taratibu pembeni, rangi ielee hadi itoke yenyewe. Lugha yetu ilikuwa na neno sahihi tangu jikoni, ila mwandishi akaona "osha" lina hadhi zaidi kwenye tasnifu.

Kisha kuna "kwa", kineno kidogo kinachobebeshwa mzigo usio wake. "Vimelea vilihesabiwa kwa chembe nyeupe 200." Kwa, vipi? Kwa kutumia? Kwa kila? Kwa ajili ya? Maana iliyokusudiwa ni kwamba vitu viwili vinahesabiwa kwa pamoja, na kimoja ndicho kinachosema tusimame wapi. Kiswahili kina "huku" na "hadi" kwa kazi hiyo: "Hesabu vimelea huku ukihesabu chembe nyeupe, hadi chembe nyeupe zifike 200." Tukishaiandika hivyo, lililofichika linajitokeza: je, vimelea wakiwa wachache? Desturi ni kwamba wakiwa chini ya 100, unaendelea hadi chembe nyeupe 500. Tuseme umepata vimelea 36 kwenye chembe 200. Unaendelea, na kufikia 500 umepata 84. Hesabu ni hii:

```
84 × 8000 ÷ 500 = 1344
```

Ni vimelea 1,344 kwa kila mikrolita ya damu. Aliyesimama kwenye 200 angeandika 1,440. Hiyo 8000 nayo ni kadirio la chembe nyeupe za mtu yeyote, si za mgonjwa huyu, na itifaki ya kweli inalitaja kadirio hilo kwa jina badala ya kuliacha ndani ya "kwa".

Vichwa vidogo je? "Kijichwa" kinanichekesha vizuri, "mada ndogo" ni la darasani, "kifungu" ni la sheria. Kwa itifaki napendekeza "kituo". Kituo hutoka kwenye -tua, kutua mzigo, na kichwa kidogo kizuri kinasimama pale ambapo mfanyakazi anaweza kweli kuutua: slaidi imekauka, anaweza kwenda kunywa chai. Katikati ya dakika kumi za rangi hapana kituo. Na kila kituo kiitwe kwa kitenzi, Kupaka, Kukausha, Kutia rangi, si "Upakaji" na "Utiaji", ambavyo vinamwondoa mtu kazini na kuacha kazi ikielea.

Linabaki jina la sifa yenyewe tunayoitafuta, ya jambo ambalo mwingine akilifanya atapata kilekile. "Kurudufu" ni la mashine ya nakala. Mimi natumia "kurudika": itifaki hii inarudika, ile hairudiki. Najua -rudi lina maana nyingine, maana nguo ikifuliwa hurudi, yaani hunywea, na mtoto akikosea hurudiwa. Hazinisumbui. Kama mnalo bora, wenzangu, leteni.

Tukaketi na binti yule barazani, tukaikata aya ile vituo sita. Kituo cha tatu alikiandika mwenyewe, na neno la mwisho la kichwa chake alilipigia mstari:

Kukaza utando mwembamba tu. Inamisha slaidi, upande wa utando mwembamba uwe chini. Gusisha utando mwembamba kwenye methanoli. Tone nene lisiguswe na methanoli wala mvuke wake.